Buti la soli mpya au raba iliyolika kisigino? Vyote mtumba, bado sijavaa

Kijana_wa_Buza
Wakuu habari za jioni.

Jumamosi nilipita Karume mapema, jamaa ndio kwanza alikuwa anafungua belo. Nimetoka na jozi mbili. Ya kwanza ni buti la kupandia milima, ngozi ya kijivu, namba 42, nimelipia 35,000. Soli yake kama haijawahi kukanyaga lami, meno yote yapo, hadi vile vinyweleo vya mpira vinavyobaki kiatu kikitoka kiwandani bado unaviona. Ya pili ni raba ya kukimbilia, 18,000 baada ya kubishana sana. Hii kisigino kimelika upande wa nje, halafu ndani inanukia manukato.

Kazi yangu ni kusimamia vibarua kwenye ujenzi huko Chanika, kutwa niko kwa miguu. Nilivyopanga ni kuvaa buti, raba nimpe mdogo wangu. Ila mama watoto kagoma, anasema hakuna kiatu kinaingia ndani mpaka nimhakikishie hakina fangasi ya Mzungu. Viko kibarazani kwenye kiroba tangu juzi.

Mnaojua, mnakagua vipi soli na ndani ya kiatu kabla hujaingiza mguu?

Sele_Gongolamboto
Mkuu hiyo raba unaiachia bei gani? Mimi 42 inanikaa.

Kijana_wa_Buza
Siuzi kaka, naulizia ukaguzi.

Mtumishi_Hewa
35 kwa buti la mtumba umepigwa. Ila soli mpya ni soli mpya, vaa twende. Hiyo raba iliyolika tupa, itakuumiza mgongo.

Fundi_Kombo
Mtumishi, ungekuwa jirani ningekuomba usubiri kidogo kabla ya kumshauri mtu.

Nimeshona viatu miaka 19, kumi ya mwanzo nilikaa hapo hapo Karume, sasa niko Tandika. Kijana, katika hizo jozi mbili mimi buti ndilo linalonitia wasiwasi, raba naiona ina nafuu. Nitakwambia kwa nini.

Soli ina tabaka mbili. Kuna mpira mweusi wa chini unaogusa ardhi, na kuna sponji katikati ya mpira na ngozi. Watu wanakagua mpira tu. Mpira ukiisha unauona, haudanganyi mtu. Sponji ndiyo inayokuaibisha barabarani. Mabuti mengi ya milimani sponji yake ni ile tunayoiita PU. Nzuri sana ikiwa changa, haibonyei ovyo. Ubaya wake inaliwa na unyevu wa hewani, taratibu, hata kiatu kikiwa kwenye boksi lake kabatini. Ikifika miaka kati ya 5 na 10 inaanza kuwa kama mkate mkavu. Kwa nje huoni kitu.

Sasa jiulize buti la gharama ambalo halijatembea limefikaje kwenye belo. Mtu kalinunua, kaenda nalo mara moja, kalisahau stoo miaka kadhaa, siku anahama nyumba akalitoa. Likapanda kontena, likakaa godauni la Dar na joto letu hili. Kwa hiyo meno mapya hayakuambii kiatu ni kipya. Yanakuambia kimekaa.

Fanya hivi. Kwanza tafuta lebo ndani ya ulimi au ubavuni, angalia kama ina tarehe. Pili, bonyeza sponji ya ubavuni kwa ukucha wa kidole gumba, juu ya kisigino. Sponji nzima inarudi. Iliyooza inabaki na alama ya ukucha, au inanata, au inatoa unga. Tatu, likunje buti kama mtu anayepiga hatua, lishike hivyo uhesabu mpaka kumi, uangalie pale panapokunjika kama kuna nyufa nyembamba kama nywele. Njoo na majibu.

Mpagazi_Moshi
Fundi kagusa penyewe. Huku mlimani tunaijua hii. Wageni wanakuja na mabuti waliyoyaweka ndani miaka, siku ya kwanza anajisifu, siku ya pili soli inabaki kwenye matope.

Mimi mwenyewe nilipewa buti na mgeni aliyemaliza safari, zuri, halijachoka. Nikalihifadhi kama mboni ya jicho, nikawa natumia la zamani. Misimu minne baadaye nikalitoa kwa mbwembwe. Nilipofika Horombo la kushoto lilikuwa linapiga makofi. Nikalifunga kwa kamba ya hema mpaka nikashuka. Sponji ilikuwa inamwagika kama pumba. Pale Memorial sasa hivi kitu cha kwanza mimi nakunja, bei baadaye.

Mama_Wawili
Naomba kudandia uzi. Mimi nawanunulia wanangu viatu vya shule vya mtumba, vile vyeusi vya ngozi. Mdogo ana miaka 7, viatu vyake vya safari hii vimelika ndani, upande wa kidole gumba, na naona kama anatembea kiupande. Ni kiatu au ni mtoto?

Baraka_Kongowea
Dada yangu, kiatu hicho kilikuwa hivyo ulipokinunua, au kimelikia miguuni mwa mwanao? Hapo ndipo pa kuanzia.

Mimi nauza viatu hapa Kongowea, Mombasa. Nitawapa siri ambayo wenzangu watanichukia. Kiweke kiatu mezani, meza iliyo sawa, kisha uchutame ukitazame kwa nyuma, macho yako yawe sawa na kisigino. Kiatu kizima kinasimama wima kama mlango. Kikiwa kimeegemea ndani au nje, basi mwenye nacho wa kwanza alikikandamiza upande mmoja na sponji imelala. Hicho hata ukipige rangi mara saba, mguu wako utaegemea alikoegemea yeye. Kisha viweke viwili pamoja. Vikilika sawasawa si neno. Kimoja kikiwa kimelika kuliko mwenzake, mimi hukirudisha rundoni.

Kulika kisigino upande wa nje kidogo ni kawaida, takriban kila binadamu hutua hivyo. Kwa hiyo raba ya huyu kijana haijanitisha bado.

Na hilo la manukato, ndugu yangu, sisi wauzaji hatupulizi manukato kwenye kiatu kisichonuka.

Mama_Wawili
Kilikuwa hivyo wakati nanunua, niliona ila nikajua ni kidogo tu.

Baraka_Kongowea
Basi mvue hicho kwanza, umpe kiatu kinachosimama wima, umwangalie wiki mbili tatu. Akiendelea kutembea upande hata peku, hapo ni suala la daktari, si langu.

Kijana_wa_Buza
Nimerudi wakuu. Nimekaa kibarazani na tochi ya simu.

Buti: lebo ipo ndani ya ulimi, herufi ndogo sana, imeandikwa 06/2013. Ukucha umeacha alama, na alama haijaondoka mpaka sasa naandika. Nilipolikunja la kulia limetoa mlio kama biskuti. Nyufa zipo, nyembamba, pale chini ya vidole. La kushoto halina nyufa ila linanata.

Raba: mezani inasimama wima zote mbili. Kisigino mpira umeisha kama upana wa vidole viwili, lakini sijaona sponji. Ubavuni sponji nyeupe ina mikunjo mikunjo. Ukucha unarudi.

Mtumishi_Hewa
Hiyo 06/2013 inaweza kuwa namba ya toleo, si tarehe. Viwandani wanaandika namba nyingi.

Fundi_Kombo
Mtumishi, unasema kweli nusu. Kwenye lebo kuna namba nyingi, na nyingine ni za toleo, usisome kila tarakimu kama kalenda. Ila mwezi na mwaka vikiandikwa hivyo, pamoja na alama ya ukucha na mlio wa biskuti, mimi sihitaji ushahidi mwingine. Na lebo ikiwa imekatwa, ukucha na kukunja vinatosha.

Kijana, buti hilo usiende nalo Chanika. Litakuachia ukiwa juu ya jukwaa au umebeba kitu, ndipo utaumia.

Raba yako sponji yake ni EVA, ile nyepesi. Hiyo haiozi kwa unyevu kama PU, inachoka kwa kukandamizwa. Mikunjo ya ubavuni ni dalili imeshatembea. Bonyeza kwa gumba kisiginoni na tena katikati ya mguu, ambapo hapabebi uzito mwingi. Pakilingana ulaini, ina maisha. Kisigino kikiwa kigumu kama ubao na katikati laini, sponji imekufa.

Mkimbiaji_Moro
Naongezea kama mkimbiaji. Raba za kukimbilia zinahesabiwa kilomita kati ya 500 na 800 hivi. Ya mtumba hujui imeshakula ngapi. Mimi sikimbilii mtumba mwenye mikunjo, magoti yangu yalishanifundisha. Kwa kutembea tu sioni tatizo.

Fundi_Kombo
Kwa kusimama kutwa juu ya kokoto bado sponji ina kazi, usidharau. Ila nakubali, si sawa na kukimbia.

Kijana_wa_Buza
Kisigino ni kigumu kidogo kuliko katikati. Si ubao. Tuseme kama ndizi mbichi na iliyoanza kuiva.

Na buti siwezi kupiga gundi tu? Ngozi yake ni nzima kabisa, inaniuma.

Fundi_Kombo
Gundi inashika kitu kizima kwa kitu kizima. Ukipaka juu ya sponji inayomomonyoka, gundi inashika unga, unga unaachia. Na usithubutu ile gundi ya tone tone ya kwenye kichupa, inakauka ngumu kama kioo, ukikunja mguu inapasuka. Ndiyo maana ukikuta kiatu mnadani kina ukungu mweupe na ugumu pembezoni mwa soli, ujue kimeshagundishwa kienyeji.

Dawa ni kubandua soli yote, kukwangua sponji mpaka ufike kwenye ngozi safi, kisha kuweka soli nyingine nzima na kuizungushia uzi. Ni kazi, na inategemea chini kuna nini. Tutafika huko. Kwanza tumalize ndani.

Neema_wa_Dawa
Nafanya kazi duka la dawa, na nimesoma tangu juu nikisubiri mtu agusie ndani ya kiatu.

Kaka, ng'oa ile soli ya ndani. Nyingi za raba zinatoka zenyewe, ingiza kidole kisiginoni uvute. Usiangalie upande wa juu tu, ugeuze. Halafu angalia kilichobaki kwenye kiatu, ule ubao wa kadibodi au kitambaa kilichoshonwa. Uone kama kuna madoa, unga wa kijani au kijivu, vipande vya ngozi vikavu, msumari, na upapase mpaka ncha ya vidole kwa mkono uliovaa mfuko. Kiatu chakavu chenye soli ya ndani mpya inayong'aa kinanipa mashaka zaidi kuliko chenye soli yake ya zamani.

Kuhusu harufu: funga kiatu kwenye mfuko wa nailoni, kiweke juani saa moja, ufungue unuse. Joto linamaliza manukato na kutoa harufu yenyewe. Jasho la kawaida linanuka kama jibini au siki. Ukungu unanuka kama godauni lililofungwa.

Sele_Gongolamboto
Jua la saa sita linaua kila kitu dada, hayo mengine ni kusumbuana. Bibi yetu alikuwa anaanika siku moja tu, tunavaa.

Neema_wa_Dawa
Jua linakausha, na kukausha ni nusu ya kazi, bibi alikuwa sahihi hapo. Lakini mwanga unaua pale unapogusa. Ndani kule kwenye vidole haufiki. Fangasi ya miguu inajificha kwenye vile vipande vidogo vya ngozi vilivyobanduka, na inaweza kukaa kwenye kiatu miezi bila mguu wa mtu. Na kuna wanaoweka viatu kwenye friji, baridi inailaza tu, haiiui.

Ninachowaambia wateja wangu ni hiki. Soli ya ndani ya zamani tupa, haisafishiki mpaka katikati. Sugua ndani kwa brashi, maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, suuza, kausha kivulini penye upepo mpaka ikauke kabisa, si chini ya siku mbili kwa raba nene. Kisha paka spiriti ndani kwa kitambaa, acha iruke. Halafu poda ya fangasi, zipo za klotrimazoli, unanyunyiza jioni na unakung'uta asubuhi, kwa wiki kadhaa. Soksi kila siku, na usivae kiatu kile kile siku mbili mfululizo kama una kingine.

Baraka_Kongowea
Spiriti kwa raba sawa, kwa ngozi iliyopigwa rangi itavua rangi hadharani. Jaribu pembeni kwanza. Ingawa hiyo nayo ni njia ya kujua kama kiatu kimepakwa rangi juu ya nyufa!

Dogo_Tanga
Mimi nilimnunulia mama buti laini za mtumba, ana kisukari. Nilizisafisha vizuri sana. Baada ya siku tatu nikaona kidonda kwenye kidole kidogo, yeye hata hakusikia maumivu. Kumbe kwa ndani mshono ulikuwa umekunjika. Naomba kujua, kuna namna ya kukagua hilo?

Neema_wa_Dawa
Pole. Kidonda hicho kapelekwa kliniki? Kama bado, kesho asubuhi, usikitibu nyumbani.

Kukagua ni kwa vidole, polepole, kila mshono, kila siku kabla hajavaa. Lakini kwa mtu ambaye mguu hausikii mimi siungi mkono mtumba kabisa. Kiatu kilichovaliwa kimeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine. Wewe na mimi kikitubana tunakivua. Yeye hatajua.

Dogo_Tanga
Anaenda kliniki Jumatatu. Nitampeleka kesho basi.

Kijana_wa_Buza
Ripoti ya pili.

Raba: soli ya ndani imetoka. Juu yake kuna alama ya mguu mzima, vidole vitano vimechoreka kama muhuri, kidole cha pili kirefu kuliko gumba, si mimi huyo. Chini yake ina rangi ya chai. Ubao wa ndani uko mkavu, hauna unga, kuna mchanga mweupe kidogo, nahisi wa baharini. Baada ya saa moja juani manukato yameisha, imebaki jasho. Jasho la mtu kweli kweli, majirani wameniangalia.

Buti: soli ya ndani imegandishwa, nusu imetoka. Chini kuna madoa meupe yametapakaa kuelekea kisiginoni. Ni ukungu?

Neema_wa_Dawa
Futa kwa kitambaa chenye maji. Chumvi ya jasho inayeyuka na kupotea, ikikauka inaweza kurudi kidogo. Ukungu unapakaza, unaacha utelezi na ile harufu ya godauni.

Kijana_wa_Buza
Umepakaza. Na harufu ndiyo hiyo.

Mtumishi_Hewa
Naomba nifute ushauri wangu wa vaa twende.

Fundi_Kombo
Hahaha, tumekusamehe.

Kijana, kwa raba mimi ningevaa. Tupa soli ya ndani hiyo yenye vidole vya mtu, la sivyo kidole chako cha pili kitakaa kwenye shimo la mwenzio. Nunua nyingine, unene uwe sawa na wa zamani. Ukiweka nene zaidi kisigino kitapanda na kitakuwa kinachomoka. Pale kisiginoni palipolika mwambie fundi abandike kipande cha mpira kabla sponji haijatokeza. Ikishatokeza inaliwa haraka sana kwa lami yetu.

Mkimbiaji_Moro
Mimi bado naona kubandika mpira kisiginoni kwa raba ya kukimbilia kunaharibu mkao. Unaweka kigumu juu ya laini, mguu unatua vibaya.

Fundi_Kombo
Ukiweka kipande kinene, kweli. Kikwanguliwe kilingane na upande wa pili, kisha ukirudishe mezani ukitazame kwa nyuma kama alivyosema Baraka. Ila kwa kukimbia sitabishana na wewe.

Kijana_wa_Buza
Narudi baada ya siku tisa.

Raba niliiosha, ilikaa siku tatu kukauka sababu mvua ilinyesha. Soli ya ndani mpya 4,000. Poda napiga kila jioni. Nimeivaa siku nne hivi, vidoleni sina muwasho, mama watoto ameiruhusu mpaka mlangoni, ndani bado. Jioni nyonga ya kulia inachoka kidogo, sijui ni raba au ni kokoto za Chanika.

Buti nililivaa nusu saa uani, makusudi tu nione. La kulia limefunguka kuanzia kisiginoni, unga mweusi umetapakaa kwenye vigae. Nimelipeleka kwa fundi mmoja Mbagala, anataka 25,000 kuweka soli mpya. Ukijumlisha na 35 niliyotoa nakaribia bei ya jipya la kawaida.

Sele_Gongolamboto
Kwa hiyo raba hauuzi kweli?

Fundi_Kombo
Nyonga ikiendelea wiki nzima, badilisha viatu siku mbili uone kama inapoa.

Kuhusu hilo buti, kabla hujatoa 25 bandua soli iliyobaki utazame chini ya ngozi. Ukikuta ukingo wa ngozi umeshonwa kwa uzi kwenye ubao na ubao ni mgumu, soli mpya itashika na unaweza kuvaa miaka. Ukikuta ngozi imebandikwa kwa gundi tu, na ubao umelainika kwa ule ukungu uliotuambia, hakuna pa kushikisha uzi. Bonyeza ubao kwa gumba katikati ya kisigino.

Kijana_wa_Buza
Liko kwa fundi bado. Kesho nikitoka kazini napita kulibonyeza.